Kijapani cha kiume, cha kike au cha katikati: wewe unayeanza ushike kipi

Kuna swali naulizwa sana na wadogo zangu wanaojiandaa kwenda Japani, wengine kwa mambo ya magari, wengine kusoma, wengine kazi za kulea wazee. Swali lenyewe: "Kaka, mimi niseme watashi, boku au ore?" Yote matatu maana yake ni "mimi". Wameyaona kwenye kitabu, wameyasikia kwenye anime, kila mahali mtu anasema lake, wanachanganyikiwa. Huwa nawajibu kwa simu haraka haraka af nikikata naona nimewajibu nusu, maana swali linaonekana la neno moja ila ndani yake kuna mambo mengi, ukishachagua "mimi" yako umeshachagua na vimalizio vya sentensi, na vitenzi, na unajiweka wapi mbele ya mtu unayeongea naye. Basi leo naandika yote nilipange upande kwa upande, kiume, kike na kile cha katikati, halafu nikwambie mimi ningeshika kipi ningekuwa wewe.

Kwanza ujue lugha zenye usemi wa kiume na wa kike hazifanani ukali. Kithai kwa mfano ukiniuliza nakujibu hapo hapo, mwanamume anamalizia sentensi ya adabu na "krap", mwanamke anamalizia na "ka", hamna cha kufikiria. Upande wa pili kuna kama Wadatoga wetu wa pande za Hanang na Ziwa Eyasi, kule mwanamke akiolewa hataji jina la baba mkwe wala la wakubwa wa ukoo wa mumewe, na haishii kwenye jina, hata neno la kawaida ambalo sauti yake inafanana na jina hilo analikwepa, anaweka neno jingine badala yake. Yaani anaamka bibi harusi na sehemu ya lugha yake imebadilika. Wakhosa wa Afrika Kusini nao wana kitu cha namna hiyo wanakiita hlonipha. Huyu mama hachagui, ndoa imeshamchagulia.

Kijapani kiko hapo kati. Hamna sentensi ya kiume ambayo mwanamke akiisema linakuwa kosa la sarufi, wala ya kike ambayo mwanamume akiisema haieleweki. Inaeleweka vizuri sana. Shida ni kwamba wanakusoma. Kutokana na hicho kineno kidogo cha mwisho wanajua unajiona nani na unawaona wao ni nani, na wewe mgeni unaweza ukawa umetuma ujumbe ambao hukuukusudia kabisa. Ndo maana kwenye Kijapani inabidi uchague, tena uchague ukijua.

Tuchukue maneno mamoja tu, "njaa inauma, twende tukale", tuyaseme kwa njia nne. (Irabu za Kijapani soma kama Kiswahili, a e i o u zile zile, hapo sisi tumebarikiwa.)

Kiume cha washkaji: Hara hetta na. Meshi kui ni ikou ze.
Kike cha kizamani: Onaka suita wa ne. Gohan tabe ni ikimashou yo.
Katikati, kwa rafiki: Onaka suita ne. Gohan tabe ni ikou yo.
Katikati, kwa adabu: Onaka ga sukimashita ne. Gohan o tabe ni ikimasen ka.

Angalia vizuri hiyo ya kwanza na ya pili, karibu kila kitu kimebadilika. Tumbo kwa kiume ni "hara", kwa wengine wote ni "onaka". Chakula kwa kiume "meshi", kwa wengine "gohan". Kula kwa kiume ni "kuu", ambacho ni kama sisi kusema kufakamia, kwa wengine ni "taberu". Af mwishoni kuna "ze", kaneno kanakosukuma, ka kiume kabisa, na upande wa pili kuna "wa ne", ambayo sauti ya hiyo "wa" inapanda juu kidogo, laini. Sentensi ya tatu inasemwa na kijana wa kiume na wa kike vile vile, huwezi kujua nani kasema. Ya nne ndo ya kazini, dukani, ofisini, kwa mtu usiyemjua, na hapo pia jinsia haionekani. Ikumbuke hiyo ya tatu na ya nne, tutairudia.

Sasa tuanze na kiume.

Kiume kina "ore" ndo mimi, kina "omae" ndo wewe, kina vimalizio "zo" na "ze", na kina tabia ya kugeuza "ai" na "oi" kuwa "ee" ndefu, kwa hiyo "sugoi" yaani kali sana inakuwa "sugee", "wakaranai" yaani sijui inakuwa "wakannee". Utakisikia gereji, bandarini, kwenye saiti za ujenzi, kwenye baa, kwa wanafunzi wa kiume, na kwenye anime ndo usiseme, mashujaa wengi ni "ore". Kina utamu wake, kina ukaribu, mwanamume wa Kijapani akianza kukwambia "ore" wewe na yeye tu ujue amekuvulia koti. Kwa Kiswahili nakifananisha na kuanza sentensi na "oya mwanangu". Hakuna ubaya kumwambia mshkaji wako oya mwanangu. Sasa mwambie baba mkwe.

Mimi nilijifunzia Kijapani yadi, upande wa Nagoya, nikiwa na mafundi wanne ambao siku nzima ni ore, omae, wakannee, na sikuwa nimesoma darasani zaidi ya miezi mitatu. Nikadhani ndo Kijapani kilivyo. Siku moja akaja mama mtu mzima, mumewe alikuwa amefariki na alitaka kuuza gari alilokuwa analiendesha marehemu, kavaa vizuri, kashika bahasha ya karatasi za gari kwa mikono miwili. Akaniuliza kuhusu karatasi ya kubadilisha umiliki, sikuwa na jibu, nikamwambia "Ore, wakannee." Kwangu nilikuwa nimesema kweli tu, mimi sijui. Yeye alinyamaza, akainamisha kichwa kidogo, akasema "sou desu ka", yaani "ni hivyo eh", halafu akageuka pole pole kutafuta mtu mwingine wa kuongea naye. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Bosi alinieleza baadaye tukiwa peke yetu kwamba nilichomwambia yule mama mfiwa ni kama "mi sijui bana", na kwamba maneno niliyotakiwa kusema ni mafupi tu: "Sumimasen, kakunin shimasu", samahani, ngoja nihakikishe. Ona hapo hata neno mimi halimo. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya sababu ya kuandika hii ni yule mama.

Kwa hiyo kipimo cha "ore" ni uhusiano. Mwanamume anaitumia kwa walio sawa naye au chini yake, kwa mke, kwa rafiki, kwa mdogo. Huyo huyo bosi wangu, nilimsikiliza sana baada ya siku ile, nyumbani kwake alikuwa "ore", akipokea simu ya kastoma alikuwa "watashi", akiongea na mtu mkubwa wa benki anapanda mpaka "watakushi", na siku alipokuja mwalimu wake wa zamani wa shule akawa "boku" kama mtoto. Mtu mmoja, mimi nne. Hakuna mwanamume wa Kijapani anayeishi na "ore" peke yake, huyo yupo kwenye katuni tu.

Na "boku" ndo nani? Boku ni ya kiume pia ila laini. Watoto wa kiume wanaanza nayo, mpaka mtu mzima asiyemjua mtoto anaweza kumwita "boku" kama sisi tunavyosema "kijana". Herufi yake ya Kichina maana yake ya asili ni mtumishi, kwa hiyo ndani yake kuna kujishusha, na walioisambaza sana ni vijana wasomi wa enzi ya Meiji, ile iliyoanza 1868. Mpaka leo inabeba harufu hiyo, mwanamume mwenye adabu, msomi kidogo, asiyetaka kumkalia mtu kichwani. Unaweza kuisema mbele ya bosi uliyemzoea bila mtu kushtuka.

Haya, kike.

Hapa kuna mengi na hapa ndo watu wanadanganyika zaidi. Kike cha kwenye vitabu kina "atashi" badala ya watashi, kina "wa" ya kupanda, kina "kashira" yaani "sijui kama...", kina "no yo", na kina kitu kimoja ambacho mgeni hakioni haraka, kinadondosha "da". Mwanamume atasema "kirei da yo", ni nzuri, kike kinasema "kirei yo". Hiyo "da" inafunga sentensi kwa nguvu, inatamka kwamba jambo ni hivi, ukiitoa sentensi inakuwa imelegea, haijamkandamiza msikilizaji. Ongeza na herufi "o" ya heshima mbele ya vitu, hana yaani ua linakuwa ohana, mizu yaani maji linakuwa omizu, wanaume nao wanaitumia ila kike kinaitumia kwa wingi zaidi.

Sasa wengi wanaambiwa hii ni lugha ya mama wa Kijapani tangu enzi na enzi. Sio kweli, na ukijua historia yake utachagua vizuri zaidi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ni kweli kulikuwa na maneno ya wanawake wa ikulu, yanaitwa nyobo kotoba, yalianza kwenye karne za 14 na 15 huko Kyoto. Wale wanawake waliokuwa wanahudumu kwenye makazi ya mfalme hawakutaka kutaja vitu vya jikoni na vya mwilini wazi wazi, wakawa wanazunguka. Tumbo wakaliita "onaka", yaani lile la katikati. Mboga ya kulia wali wakaiita "okazu". Mwiko wa wali wakauita "shamoji". Lakini angalia kilichotokea, maneno hayo leo yanasemwa na kila mtu, dereva wa lori anasema okazu, fundi bomba anasema shamoji. Yalikuwa ya kike yakawa ya wote. Kwa hiyo hayo sio yanayotenganisha wanaume na wanawake leo.

Yanayotenganisha, vile vimalizio vya "wa" na "teyo" na "dawa", yamekuja juzi tu, yametoka kwa wasichana wa shule za Tokyo miaka ya 1870 na 1880. Na yalipotoka yalitukanwa. Mwandishi Ozaki Koyo mwaka 1888 aliandika kulalamika kabisa juu ya hao wasichana na vimalizio vyao, wakubwa waliona ni lugha chafu isiyofaa kwa binti wa heshima. Halafu mwaka 1899 serikali ikatoa amri ya shule za juu za wasichana, kila mkoa uwe nayo, lengo likiwa kutengeneza "mke mwema na mama mwenye busara", hiyo ndo ilikuwa kauli mbiu, na wasichana wa shule wakawa ndo picha ya mwanamke wa kisasa. Riwaya na magazeti ya wanawake yakawa yanawaandika wakiongea hivyo, wasomaji wa mikoani ambao hawajawahi kuongea hivyo maishani wakawa wanayasoma na kuiga. Baada ya miongo michache ile lugha iliyotukanwa ikawa ndo lugha ya mwanamke mwenye adabu, na watu wakasahau ilipotoka, wakadhani ni ya mababu.

Mi hii stori naipenda sana kwa sababu inaonyesha mambo yanavyokwenda. Hakuna koo la mwanamke lililozaliwa na "wa". Kulikuwa na nafasi ya kujazwa, mke mwema, mama mwenye busara, na nafasi hiyo ikahitaji sauti, sauti ikatafutwa.

Na hata hiyo sauti haijawahi kufika kila mahali. Dada mmoja wa Kenya niliyefahamiana naye alikwenda kulea wazee kule Akita, kaskazini. Amesoma kitabu, kitabu kimemwambia mwanamke ni watashi au atashi, "ore" ni ya wanaume basi. Bibi wa kwanza aliyepewa kumwogesha, bibi wa zaidi ya miaka themanini, amemkalisha kwenye kiti cha kuogea, anampimia maji kwa kiwiko yasije yakawa moto, bibi anamwambia "ore" hivi, "ore" vile. Akadhani amesikia vibaya. Hakusikia vibaya. Vijijini kaskazini mwa Japani wanawake wazee wanajiita ore au ora, ni ya watu wote kule, kile kitenganishi cha ore ya kiume ni cha Tokyo, kimekuja na redio na shule. Aliniambia kuanzia siku ile aliacha kukiamini kitabu kuliko masikio yake.

Leo hii nani anaongea hicho kike cha kitabuni? Utakisikia kwa kina mama watu wazima wa Tokyo wa familia fulani fulani, kwenye tamthilia, kwenye katuni, na zaidi kuliko kote kwenye tafsiri. Mwanamke wa Kizungu akihojiwa kwenye runinga ya Kijapani wanamwekea sauti ya "wa" na "no yo" hata kama yeye kaongea kikavu tu. Watafiti wa lugha kama Nakamura Momoko wameliandika hili, kwamba wanaoongea Kijapani cha kike kilichonyooka zaidi ni wanawake wa kutungwa. Wanafunzi wa kike waliorekodiwa Tokyo miaka ya 1990 walikuwa tayari wanatumia vimalizio vya katikati zaidi, na baadhi vile vinavyoitwa vya kiume, kuliko hivyo vya kike. Na kuna wasichana wa shule wanaojiita boku au hata ore wakiwa wao kwa wao, hili nalo limerekodiwa, wengine wakifika mbele ya mwalimu wanarudi watashi.

Lakini usidhani basi mwanamke yuko huru kabisa. Mzigo umebaki pale anapotakiwa kutoa amri. Chukua "fanya hii". Meneja wa kiume anaweza kusema "kore yatte kure" na maisha yanaendelea, akiwa mkali atasema "yare" na watu watasema leo bosi kaamka vibaya. Meneja wa kike akisema "yare" wataanza kumjadili yeye, tabia yake, malezi yake. Akisema "yarinasai" anasikika kama mama anamfokea mtoto au mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo nimewaona wengi wanakwenda na "yatte oite ne", ifanye iwe tayari basi, au "onegai shimasu", naomba, na wanaweka uzito kwenye jicho na kwenye kunyamaza baada ya kusema. Kazi ile ile, cheo kile kile, ila yeye ana milango michache ya kupitia. Hii ndo sehemu ya haya mambo inayoniuma, na dada zangu mnaokwenda kule kusimamia watu mjue mapema.

Na wanaume nanyi mna mtego wenu kwenye kike. Wengi wetu tunafundishwa na walimu wa kike, au mtu ameoa Mjapani na Kijapani chake chote amekiokota jikoni kwake. Nina rafiki wa Mombasa, mwili mkubwa, sauti nzito, alikuwa anakubali kila kitu kwa "ii wa yo", ni sawa bwana, ameichukua kwa mama mkwe wake. Wajapani walikuwa wanatabasamu tu, hakuna aliyemwambia, alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Ila hapa kuna jambo la kuangalia, ukienda Osaka utasikia wanaume wanasema "wa" mwishoni na ni wanaume haswa. Tofauti ni sauti. "Wa" ya Osaka inashuka, inaanguka chini kama mtu anaweka mzigo. "Wa" ya kike ya Tokyo inapanda. Kama huwezi bado kuzitofautisha kwa sikio, ziache zote mbili.

Sasa katikati.

Katikati ni watashi, ni vitenzi vya "desu" na "masu" kwa watu usiowazoea, na kwa rafiki ni zile fupi zenye "yo", "ne", "da yo" na "kana". Hiyo "kana" ndo imechukua kazi ya "kashira", "sijui kama mvua itanyesha" leo kijana wa kike na wa kiume wote watasema "ame furu kana". Faida yake ni kwamba inakubalika kila mahali na haikuandikii tabia. Hasara yake, na nisikufiche, ni kwamba mwanamume anayejiita watashi kwa marafiki zake baa anasikika kama amekuja na tai, kuna umbali, watu watakuwa wema kwako ila hawatakuvulia koti. Kwa mwanamke hasara hiyo haipo, watashi kwake inakwenda ofisini na inakwenda baa, haibadiliki.

Na kuna siri moja ambayo ningeijua mapema ningeokoka na mengi: Kijapani hakihitaji "mimi" kwenye sentensi nyingi. Sisi Kiswahili angalau tunabaki na "ni", nimetoka, nataka. Wao hawana hata hiyo. "Tanzania kara kimashita", imetosha, kila mtu anajua ni wewe uliyetoka Tanzania. Wanaoanza wanasema watashi wa, watashi wa, kila sentensi, inachosha masikio kama mtu anayesema "mimi binafsi" kila dakika. Ukiacha kuisema, nusu ya swali la watashi, boku au ore inakufa yenyewe.

Basi tuchague.

Wewe mwanamume unayekwenda kufanya kazi, iwe yadi, kiwanda au hotelini: shika watashi na desu na masu kwa miezi sita yote ya kwanza, hata kama mafundi wote wanaokuzunguka wanasema ore. Wasikilize, wafahamu, usiwaige. Baada ya hapo ongeza boku kwa wenzako. Ore iache mpaka uwe na rafiki wa kweli wa rika lako, na ukishaipata iache hapo hapo kwa rafiki, usitoke nayo mlangoni.

Wewe mwanamume mwanafunzi, boku unaweza kuanza nayo mapema, chuoni haina tatizo, ila kwa profesa kwenye barua pepe na intavyuu rudi watashi. Kuna "jibun" pia utaisikia kwenye timu za michezo, nayo ni mimi, lakini kwa watu wa Osaka jibun inaweza kumaanisha wewe, kwa hiyo utamwambia mtu kitu kingine kabisa.

Wewe mwanamke, watashi moja kwa maisha yote, na vimalizio vya katikati. Kashira, no yo na wa ya kupanda jifunze kuvielewa, kwa sababu utavisoma na utavisikia kwa bibi zako unaowalea, lakini huna deni la kuvisema. Mtu akikwambia mbona huongei kike, muulize binti yake wa miaka ishirini anaongeaje. Zo, ze na amri kavu za "yare" na "ike" yaani nenda ziache, na tena usizitoe kwenye anime, maana kwa mgeni watadhani hukujua hata kama ulijua.

Utajuaje umekosea, maana Mjapani hatakwambia? Angalia yeye anafanya nini na lugha yake. Kama mlikuwa mnaongea kwa ufupi, kirafiki, halafu ghafla akarudi kwenye desu na masu, amerudi nyuma hatua moja, kuna kitu umesema. Rudi na wewe hapo hapo kwenye adabu, usiombe radhi sana, endelea tu. Kama anakuuliza "Kijapani umejifunzia wapi?" akiwa anatabasamu, mara nyingi amesikia ore mahali pa watashi, au amesikia wa ya mama mkwe. Muulize yeye angesemaje. Watu wengi wanafurahi kuulizwa, na ndivyo yule wa Mombasa alivyokuja kujua.

Na ukae tayari kwa siku mtu mkubwa kwako kidogo, kazini au chuoni, atakapokwambia "tameguchi de ii yo", yaani tuongee kawaida, acha masu. Hapo ndo mlango umefunguliwa na mwenye nyumba. Acha masu, ingia na sentensi fupi za katikati, "onaka suita ne", "ikou yo", ila hiyo wiki ya kwanza wewe mwanamume baki na boku, umsikie kwanza yeye anajiitaje akiwa na wewe.